Kosa la Pili ni la Nani?

Wahenga walituachia msemo kwamba kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Niliusikia utotoni kila nilipovunja kikombe, na nikauchukua kama walivyouchukua wengine: mara ya kwanza unasamehewa, mara ya pili shauri yako. Ilinichukua miaka mingi, na stoo moja ya jumla jijini Dar es Salaam, kuona kwamba msemo huu una swali ndani yake ambalo hatuliulizi. Kosa likirudi, limerudi kwa nani? Kwa aliyeteleza, au kwa aliyehakikisha kwamba hakuna mtu atakayethubutu kusema pameteleza?

Nilipewa kusimamia stoo hiyo nikiwa mgeni kabisa. Watu kumi na wanne, zamu mbili, bidhaa za dukani: sabuni, mafuta ya kula, chumvi, biskuti. Siku ya kukabidhiwa nilionyeshwa hesabu za miezi sita iliyopita. Kila mwezi upungufu ulikuwa sifuri, au katoni moja hivi, mbili zikizidi sana. Nikamshukuru Mungu kwamba nimekuta mambo safi. Leo nikiona stoo yenye maelfu ya katoni na upungufu wa sifuri miezi sita mfululizo, naingiwa na baridi. Binadamu wanaopakia magari saa kumi alfajiri hawawezi kuwa na sifuri. Ukikuta sifuri, jua kuna mtu anafanya kazi ya kuitengeneza.

Dalili nyingine niliiona lakini sikuielewa. Kwenye kikao cha Jumatatu hakuna aliyesema neno. Nikiuliza "kuna tatizo lolote?" wanajibu kwa pamoja, kama wanafunzi, "Hakuna, bosi." Na nikiingia stooni ghafla, maongezi yanakatika. Nilidhani ni heshima.

Ukweli ulikuja kwa simu ya mama mmoja mwenye duka Mbagala. Alikuwa hajakasirika, alikuwa amechoka tu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi wateja wangu wananunua sabuni ya nusu kilo. Hii ya kilo mnayoniletea inakaa mpaka inaganda. Hii ni mara ya tatu. Kijana wa gari ananiomba nisiseme, ananipa elfu tano ya mfukoni mwake. Sasa mimi elfu tano yake ya nini?"

Hebu tuitazame hiyo sabuni, maana jambo lote liko humo. Sabuni ya unga ilikuja kwa katoni za aina mbili. Moja ina pakiti 24 za nusu kilo, nyingine ina pakiti 12 za kilo moja. Zote ni kilo kumi na mbili, boksi saizi moja, rangi moja, picha moja. Kinachotofautisha ni namba ndogo ubavuni. Marundo yake mawili yalikaa bega kwa bega, chini ya taa iliyoungua zamani. Kijana wa zamu ya usiku anasomewa orodha: katoni kumi za nusu kilo. Anabeba kumi za kilo. Hakuna uzembe hapo wa kutisha. Ni kosa ambalo wewe na mimi tungelifanya ndani ya wiki.

Sasa angalia kinachofuata. Kwenye leja, nusu kilo zinatakiwa kubaki 90, lakini ziko 100. Za kilo zinatakiwa kuwa 60, lakini ziko 50. Kumi zimezidi huku, kumi zimepungua kule. Mwenye akili timamu anaona mara moja kwamba vitu vimebadilishana. Lakini utaratibu niliourithi ulikuwa hivi: kilichozidi ni mali ya kampuni, kilichopungua kinakatwa kwenye mishahara ya zamu nzima, na kila mmoja anaandika barua ya kujieleza. Kwa hiyo kubadilisha katoni kumi kwa bahati mbaya kulikuwa kunawagharimu watu sita fedha ya chakula, ilhali kampuni haijapoteza hata pakiti.

Wangefanyaje? Usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu, walichukua zile kumi za nusu kilo zilizozidi, wakazipanga kwenye rundo la kilo, namba zikitazama ukutani. Mhesabuji anahesabu maboksi, hafungui. Tisini na sitini. Upungufu sifuri. Kila mtu anakwenda nyumbani na mshahara wake.

Ila katoni zile kumi zimebaki kwenye rundo lisilo lake. Wiki inayofuata duka la pili linaagiza kilo, linapelekewa nusu kilo, na safari hii aliyepakia hakukosea: alichukua kwenye rundo sahihi. Kosa la kwanza lilitokana na giza. La pili lilizaliwa na woga. Na la tatu, na la nne. Mama wa Mbagala alikuwa hasumbuliwi na uzembe wa mtu. Alikuwa anapokea marejesho ya hofu yetu.

Hapo ndipo nilipourudia msemo wa wahenga. Kosa lilirudi kweli, lakini aliyelirudisha hakuwa kijana wa zamu. Aliyelirudisha ni yule aliyeweka bei juu ya ukweli, bei ambayo mpakia mizigo hawezi kuilipa. Lawama hapo haikuwa inasahihisha kosa. Ilikuwa inalizalisha.

Wasomaji wa fasihi mtanielewa haraka nikitaja Kusadikika ya Shaaban Robert. Katika nchi ile wajumbe sita wanatumwa sehemu mbalimbali kutafuta lenye manufaa, na kila anayerudi na habari anaishia gerezani. Shuleni tulifundishwa kuisoma kama kitabu cha ukoloni na utawala, na ndivyo kilivyo. Lakini mimi nilipokuwa stooni nilijiuliza swali la chini zaidi, la kazi: baada ya mjumbe wa tatu kufungwa, wananchi wa kawaida walijifunza nini? Maana adhabu ya mjumbe haimfundishi mjumbe peke yake. Inawafundisha wote waliosimama wakitazama.

Na hata kutokuadhibu kunafundisha waliosimama. Septemba 2006 Alan Mulally alihamia kampuni ya magari ya Ford akitokea Boeing. Aliweka kikao cha kila wiki ambapo kila mkuu wa kitengo alileta chati zake zikiwa na rangi: kijani kama kazi inaenda vizuri, njano kama kuna mashaka, nyekundu kama imekwama. Wiki za mwanzo chati zote zilikuwa za kijani, katika kampuni ambayo mwaka huo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Mulally aliwauliza kama kweli hakuna kitu kisichoenda sawa. Kimya. Kisha siku moja Mark Fields, aliyekuwa akisimamia bara la Amerika, akaonyesha nyekundu: gari jipya la Edge, lililokuwa likiundwa Oakville huko Kanada, lilikuwa na tatizo kwenye mlango wa nyuma, naye alikuwa ameamua kusimamisha uzinduzi. Waliokuwepo walidhani ndio mwisho wake. Mulally akapiga makofi, akashukuru, akauliza nani anaweza kumsaidia. Wenzake wakaanza kutoa mawazo. Wiki zilizofuata, chati za wengine nazo zikaanza kuwa na rangi.

Hadithi hii husimuliwa sana na wanaofundisha uongozi, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba makofi ndiyo siri. Siyo. Chati za wengine hazikubadilika siku ile ile. Walisubiri waone kama Fields atakuwepo wiki ijayo. Alikuwepo, na mwaka 2014 ndiye aliyerithi kiti cha Mulally. Ninavyoona mimi, watu hawaamini maneno ya bosi mpya, wanaamini kitakachompata mtu wa kwanza kusema kweli. Kama ni hivyo, jambo la kwanza la kubadilisha ni dogo na liko karibu: kile kinachotoka kwako, na kinachomfuata yule mtu, baada ya habari mbaya ya kwanza kukufikia.

Mimi nililijua nusu tu ya jambo hilo, na nusu niliyokosa ilimgharimu mtu mwingine.

Baada ya simu ya Mbagala nilikusanya watu na kuwaambia kwa sauti ya ushujaa, "Kuanzia leo ukikosea sema tu. Hutakatwa." Nikaweka daftari mezani. Siku mbili kimya. Siku ya tatu, kijana mmoja wa zamu ya usiku akaandika kwamba alipakia katoni nne za sabuni kimakosa kwenye gari la Temeke, akaweka jina lake na saa. Nilimshukuru mbele ya wenzake. Tulipiga simu dukani, tukabadilisha mzigo siku hiyo hiyo. Mzee wa stoo, mtu wa miaka mingi pale, alinitazama bila kusema kitu.

Mwisho wa mwezi, mhasibu alikuja kuchukua nyaraka za stoo kama kawaida yake, na nikampa zote, daftari likiwemo. Sikufikiria. Siku ya mshahara kijana yule alikuja ofisini na karatasi yake ya malipo, akaiweka mezani taratibu. Katoni nne zimekatwa. Mzigo ulikuwa umesharudi, lakini uhasibu waliona jina na neno "kosa", wakafuata utaratibu wao. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema, bosi." Kisha akatoka.

Sijapata kutamkiwa maneno mazito kuliko hayo mawili. Nilikuwa nimeahidi kitu kisicho changu. Mshahara haukuwa mkononi mwangu, nami nilijua. Na hili ni kosa la kimaadili, si la kiofisi tu: nilitumia ujasiri wa mtu mwenye kipato kidogo kununua sifa yangu ya ubosi mwema. Bosi mkali wa zamani angalau hakumdanganya mtu.

Kuna watu walioliwaza hili vizuri kuliko mimi. Marekani kuna mpango ulioanza mwaka 1976 ambapo marubani huripoti makosa yao wenyewe. Ripoti haziendi kwa mamlaka ya anga yenye uwezo wa kuwanyang'anya leseni. Zinakwenda NASA, ambayo haina fimbo hiyo, na majina huondolewa. Na ahadi yake ina mipaka iliyoandikwa: ripoti itumwe ndani ya siku kumi, na haifuniki ajali wala uhalifu. Rubani anajua kabla ya kuandika ni kipi kinamlinda na kipi hakimlindi. Mimi nilitoa ahadi isiyo na ukingo, na daftari langu lilikuwa mlango wa nyuma wa kuingilia uhasibu.

Kwa hiyo nikaanza upya, safari hii nikianzia juu. Nilikwenda kwa mkurugenzi na vitu viwili. Cha kwanza ni hesabu ya sabuni, nikimchorea kwenye karatasi: kumi zimezidi, kumi zimepungua, hasara ya kampuni ni sifuri, makato ni ya katoni kumi. Cha pili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28. Inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara, lakini si kiholela: hasara iwe imetokana na kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Kuigawa hasara kwa zamu nzima bila kujua nani alifanya nini hakupiti hata sharti la kwanza. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kuona karatasi hizo mbili zikiwa pamoja. Akakubali miezi mitatu ya majaribio: hakuna makato mpaka chanzo kiandikwe, na kilichozidi kihesabiwe pamoja na kilichopungua. Kijana akarudishiwa fedha zake.

Ndipo nikarudi stooni na ahadi ndogo kuliko ya kwanza. Niliwasomea karatasi ya mkurugenzi kama ilivyo, pamoja na kikomo cha miezi mitatu. Daftari likabadilika: tuliandika bidhaa, mahali, saa na hali ilivyokuwa, bila jina. Barua ya kujieleza ikaacha kuwa hatua ya kwanza. Na mimi nikajifunga kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Ilikuwaje?" badala ya "Nani?" Usidhani ni suala la maneno tu. Ukiuliza nani, unapata jina, na jina linakufanya uridhike, kazi imeisha. Ukiuliza ilikuwaje, unapata taa iliyoungua na marundo mawili yanayofanana. Taa tuliinunua kesho yake. Rundo la kilo tulilihamishia mwisho wa stoo. Wakati wa kupakia, mmoja anasoma namba ya ubavuni kwa sauti, mwingine anatia alama.

Mwezi uliofuata makosa yaliyoandikwa yalikuwa kumi na saba. Kabla yangu yalikuwa sifuri. Mkurugenzi akanipigia, "Tangu umekuja mambo yameharibika?" Swali la haki kabisa. Mtafiti Amy Edmondson alikutana na jambo la namna hii katika miaka ya 1990, alipochunguza makosa ya kutoa dawa kwenye wodi za hospitali mbili Marekani. Alitarajia wodi zenye timu nzuri ziwe na makosa machache. Namba zikaonyesha kinyume. Maelezo aliyoyafikia, na kuyachapisha mwaka 1996, ni kwamba wodi hizo hazikuwa zinakosea zaidi. Zilikuwa zinasema zaidi. Nilimjibu mkurugenzi asiangalie kumi na saba, aangalie simu za wateja. Zilikuwa zinapungua.

Mzee wa stoo ndiye aliyenipa pingamizi la maana, siku tunakunywa chai. "Bosi, hii ya kutouliza nani, wezi wataifurahia. Mtu asipoogopa, ataiba."

Sikulipuuza, na silipuuzi leo. Kama hakuna anayewajibika, basi mama wa Mbagala amepata hasara isiyo na mwenyewe, na hiyo nayo ni dhuluma. Lakini stoo yenyewe ilitujibu. Mwezi wa tatu, kwenye hesabu ya wazi, mafuta ya kula yalipungua madumu sita, na hakuna mahali popote palipozidi. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Kosa la kuchanganya huacha alama mbili, huku pungufu, kule ziada. Wizi huacha alama moja. Katika utaratibu wa zamani, ambapo kila mtu alikuwa anahamisha maboksi usiku ili kuziba mashimo, mwizi alijificha katikati ya waoga na hakuna aliyeweza kumtofautisha. Waoga walipoacha kujificha, alibaki peke yake. Uchunguzi ulifanyika, alipewa nafasi ya kujitetea, akaachishwa kazi. Kwa hiyo kutotanguliza "nani" si kusema "nani" haipo. Ni kuipa foleni. Kwanza tujue kilichotokea, kisha tujue kama aliteleza, kama alizoea kukata kona wakati njia sahihi ilikuwepo, au kama alikusudia. Kwa wa kwanza tunarekebisha stoo, kwa wa pili tunazungumza naye na kumfuatilia, wa tatu ana adhabu yake. Lawama inayotangulia maelezo haya si haki. Ni bosi anayetafuta pa kuiweka hofu yake mwenyewe.

Maana na bosi naye anaogopa. Nilipopokea simu ya Mbagala, wazo langu la kwanza halikuwa mteja. Lilikuwa: nitamtaja nani nikiulizwa juu? Hofu hushuka ngazi kama maji. Meneja mpya hawezi kukausha chanzo chake, ila anaweza kuamua kwamba ikifika kwake haitashuka zaidi. Hilo lina gharama. Kwenye vikao vya juu nilisimama mimi nikisema "stoo yangu imekosea" bila kumtaja mtu, na mara mbili barua ya kujieleza iliandikwa kwa jina langu. Anayetaka kubadilisha timu bila kulipa chochote, atawalipisha wengine, kama nilivyomlipisha yule kijana.

Wahenga wanasema pia, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini nani anayemfichia daktari maradhi bure tu? Mara nyingi ni yule aliyepigwa siku aliyosema anaumwa.

Kijana alirudishiwa fedha zake zote mwezi uliofuata. Alizipokea, akasaini, akasema asante. Aliendelea kuwa mpakiaji mzuri, na kwenye daftari najua mwandiko wake ulikuwepo. Lakini hakuwahi tena kuja ofisini kwangu kuniambia jambo uso kwa uso. Nilipoondoka pale, wengine walikuja kuniaga. Yeye alikuwa zamu, akanipungia mkono kutoka juu ya gari, akaendelea kuhesabu katoni kwa sauti.

Kosa la kwanza katika stoo ile lilikuwa lake, katoni nne gizani. La pili lilikuwa langu.